Usilipie Paneli kwa Kusoma Lebo Tu

Ndugu mkulima, mtu akikuletea gunia la mahindi na kusema lina kilo tisini, humlipi kwa kusikia maneno yake. Unalitundika kwenye mizani, unasoma, kisha unatoa pesa. Hata akiwa jirani yako unafanya hivyo, naye hakasiriki, kwa sababu ndiyo desturi ya biashara. Lakini mkulima huyohuyo, akiisha kuungana na wenzake kununua paneli za sola kwa ajili ya pampu, hulipa laki tatu na zaidi kwa kusoma karatasi iliyobandikwa nyuma ya paneli. Imeandikwa wati 550, basi yeye analipia wati 550. Mizani iko ghalani, hakuna aliyekumbuka kuitoa.

Jambo hili linawahusu hasa ninyi wenye mashamba ya mipango ya serikali, tangu bonde la Lambwe kule Homa Bay, ambako watu walianza kugawiwa mashamba katika miaka ya 1960, hadi mitaro ya Kuja ya Chini huko Nyatike, Migori. Mashamba yenu yamepakana, shida ya maji ni moja, na kwa hiyo mnanunua pamoja. Kununua pamoja hupunguza bei. Lakini udanganyifu unaompata mtu mmoja kwa paneli moja utawapata watu ishirini kwa paneli ishirini na nne kwa siku moja.

Wengi wakisikia habari ya paneli bandia hufikiri juu ya paneli isiyotoa umeme kabisa. Maoni yangu ni kwamba hiyo si ya kuogopwa sana. Paneli iliyokufa hujulikana siku ileile, na muuzaji hurudishiwa mali yake kabla hajafika mbali. Ya kuogopwa ni paneli nzima, inayong'aa, inayotoa umeme kila siku, ila ni ya wati 450 nayo imevishwa lebo ya wati 550. Pampu itazunguka, maji yatatoka, na watu watapiga makofi. Kisha kiangazi kikija na sukuma na nyanya zikianza kunyauka, mtalaumu kisima, mtalaumu pampu, mtamlaumu fundi aliyefunga mabomba. Hakuna atakayeilaumu paneli, kwa kuwa inafanya kazi.

Hesabu yake ni hii. Tuseme kikundi kimenunua paneli 24 zilizoandikwa wati 550, kila moja Sh. 15,000. Jumla ni Sh. 360,000, na kwa pesa hizo mmeahidiwa wati 13,200. Kama kila moja kwa kweli ni ya wati 450, mmepata wati 10,800. Pungufu ni wati 2,400, sawasawa na kununua paneli 24 na kuletewa chini ya 20. Kwa shilingi ni kama Sh. 65,000 zilizokwenda bure. Tena hasara ya maji huzidi hasara ya wati. Pampu ina kiwango cha nguvu ambacho chini yake haiwezi kupandisha maji hata tone, ijapokuwa inazunguka. Paneli zikiwa pungufu, asubuhi pampu huchelewa kuanza kutoa maji, na jioni huacha mapema. Mnapoteza saa za kumwagilia pande zote mbili za siku.

Wala udanganyifu huu si wa jana. Kenya ilianza kuuza paneli ndogo za wati 12 au 14 kwa wingi katika miaka ya 1990, zile za kuwasha taa na televisheni ndogo vijijini. Wataalamu walizipima mwaka 1999, na tena mwaka 2004 na 2005. Waliona kwamba nyingi zilikuwa sawa, lakini aina fulani zilitoa nguvu iliyo chini sana ya ile iliyoandikwa. Aliyenunua dukani hakuwa na njia ya kuzitofautisha, maana kwa macho zote zilifanana. Tofauti ya leo ni kwamba paneli zimekuwa kubwa, pesa zimekuwa nyingi, na vyombo vya kupimia vimekuwa rahisi kupatikana. Kwa hiyo mnunuzi wa leo hana udhuru wa yule wa mwaka 1999.

Anza na lebo yenyewe, kwa kuwa mara nyingine mwongo hujisahau. Nyuma ya paneli utaona herufi Pmax, Vmp, Imp, Voc na Isc. Pmax ni wati za paneli. Vmp ni volti na Imp ni ampea wakati paneli inafanya kazi kwa nguvu zake zote. Voc ni volti za paneli isiyofungwa kwenye kitu chochote, na Isc ni ampea zinazopita ukiunganisha waya zake mbili zenyewe kwa zenyewe. Chukua simu yako, fungua mahali pa kupigia hesabu, uzidishe:

Vmp × Imp = Pmax

Paneli ya kawaida ya wati 550 huwa na Vmp karibu 41.95 na Imp karibu 13.12. Zidisha, utapata 550. Lakini ukikuta lebo inasema 550, na chini yake Vmp ni 41.1 na Imp ni 10.95, zidisha tena: utapata 450. Aliyeighushi alibadilisha tarakimu kubwa akaziacha zile ndogo, akidhani hakuna mkulima atakayezisoma. Tazama pia kama lebo imebandikwa juu ya lebo nyingine. Pitisha kidole pembeni mwake. Ukihisi kingo mbili, uliza chini kuna nini.

Lakini mwongo mwenye akili hupiga chapa lebo nzima upya, na hesabu zake zote zitakubaliana. Hapo weka lebo kando, utoe futi ya fundi seremala.

Paneli haiwezi kutoa nguvu kuliko jua linaloiangukia. Viwanda hupima paneli kwa jua la wati 1,000 katika kila mita moja ya mraba. Katika hizo, paneli nzuri zinazouzwa madukani hugeuza kiasi cha 200 hadi 230 kuwa umeme. Kwa hiyo pima urefu na upana kwa mita, zidisha upate mita za mraba, kisha gawanya wati za lebo kwa hizo mita za mraba. Ukipata 200 na kitu, haya. Ukipita 230, anza kuuliza maswali na udai karatasi ya kiwanda. Ukipita 250, usiamini, hata muuzaji akiwa na tai shingoni.

Turudi kwa kikundi chetu. Paneli ya kweli ya wati 550 ya namna iliyo ya kawaida ina urefu wa mita 2.28 na upana wa mita 1.13. Hizo ni mita za mraba 2.58, na 550 ukiigawanya kwa 2.58 unapata 213. Ni sawa. Sasa wanapima ile iliyoletwa na lori. Urefu ni mita 2.09, upana ni mita 1.04. Mita za mraba ni 2.17. Wanagawanya 550 kwa 2.17 na kupata 253. Lakini 450 ikigawanywa kwa 2.17 ni 207. Kazi hii imechukua dakika tatu, na tayari paneli imekwisha kusema jina lake.

Fundi mwongo hawezi kuukwepa upimaji huu, na yafaa ujue kwa nini. Paneli imetengenezwa kwa vipande vyeusi vinavyoitwa seli, na ukubwa wa seli ndio unaoamua ampea. Katika paneli hizi seli zimepangwa safu sita kwa upana. Seli ya paneli ya wati 550 ina upana wa milimita 182. Safu sita ni milimita 1,092, na ukiongeza nafasi na fremu unafika mita 1.13. Seli ya paneli ya wati 450 ina milimita 166, safu sita ni 996, nawe unafika mita 1.04. Unaweza kuweka rula juu ya kioo na kupima seli moja kwa macho yako. Lebo hubadilishwa kwa dakika moja, lakini seli zimefungwa chini ya kioo, na kuzitoa ni kuiharibu paneli. Zipo paneli za wati 550 zenye seli za ukubwa mwingine, kwa hiyo usikatae paneli kwa sababu tu umbo lake si lile nililolitaja. Igawanye kwa mita za mraba kwanza.

Kipimo hicho hufaa hata kwa paneli ndogo za nyumbani. Utakuta sokoni paneli ya mita moja kwa sentimita 67, nayo imeandikwa wati 200. Ni mita za mraba 0.67. Gawanya, utaona inadai karibu wati 300 kwa kila mita ya mraba. Hiyo ni ndoto.

Baada ya futi, leteni mizani ya magunia. Paneli ya wati 550 yenye kioo upande mmoja huwa na uzito wa kilo 28 hivi; yenye kioo pande zote mbili hupita kilo 30. Ile ya wati 450 ya kioo kimoja ni kama kilo 24. Uzito mwingi ni kioo na fremu ya alumini. Ikiwa karatasi ya kiwanda inasema 28 na mizani inasema 23, ama paneli ni ndogo kuliko ilivyoandikwa, ama kioo na fremu vimepunguzwa, nayo haitastahimili upepo wa ziwani. Inueni kwa watu wawili, msiishike kwa waya.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wakulima wengi wametegwa nalo. Muuzaji akiona mnapimapima, atasema, "Wazee, msijisumbue, nitawaonyesha kwa mita." Atatoa testa yake ndogo, atagusisha waya mbili, na testa itaonyesha volti 45. Atawauliza, "Lebo inasema 49.8, jua ni kali na paneli imepata joto, kwa hiyo imeshuka kidogo. Mnataka nini tena?" Na hapo anasema kweli tupu. Paneli ikipata joto volti zake hushuka. Ile ya volti 49.8 ikiwa kwenye jua la mchana itaonyesha 45 au karibu yake, wala si kosa.

Udanganyifu uko katika kile ambacho hakukisema. Volti hutokana na hesabu ya seli zilizounganishwa moja baada ya nyingine, si ukubwa wake. Paneli ya wati 450 na paneli ya wati 550 za namna hii zina hesabu moja ya seli. Ya wati 450 ina Voc ya 49 na kitu, ya wati 550 ina 49.8. Testa ya muuzaji itaonyesha karibu namba ileile kwa zote mbili. Kwa hiyo mtu anayekuthibitishia ukubwa wa paneli kwa volti peke yake ni kama mtu anayekuthibitishia upana wa shamba kwa kupima urefu wake. Usimkatalie, mshukuru, kisha mwambie mnataka kuona ampea.

Ampea ndizo zinazotenganisha. Lebo ya wati 550 inasema Isc ni karibu 14. Paneli ya wati 450 ina Isc karibu 11.6. Hapo hakuna pa kujificha. Ila kuna namna ya kupima, na lazima ifuatwe vizuri, kwa sababu umeme wa paneli hautaniwi.

Usitumie testa ya kawaida kwa kazi hii. Nyingi mwisho wake ni ampea 10. Ukipitisha ampea 14 utaunguza fyuzi yake au utaiharibu yenyewe. Inatakiwa mita ya kubana waya, ile yenye mdomo unaofunguka kama koleo. Nayo iwe ya kupima umeme wa moja kwa moja kama wa betri. Zipo za bei rahisi zinazopima umeme wa nyumbani tu, nazo zitakuonyesha sifuri hata paneli ikiwa nzima. Kikundi kinachotoa laki tatu na nusu kwa paneli hakiwezi kusema hakina pesa ya chombo hiki. Kama hamtaki kununua, mwiteni fundi mwenye nacho, mmlipe ninyi wenyewe, asilipwe na muuzaji.

Pimeni siku ya mbingu safi, kati ya saa tano na saa saba mchana. Chukueni paneli moja tu, ilazwe juu ya majani mahali pasipo kivuli hata cha mtu, kioo kikiwa safi. Ifunikeni kabisa kwa blanketi zito. Ikiisha kufunikwa, unganisha plagi zake mbili, moja kwa nyingine. Bana waya mmoja tu katika mdomo wa mita, si zote mbili. Ondoa blanketi, soma ampea, andika, kisha rudisha blanketi. Baada ya hapo ndipo uzitenganishe plagi. Ukizitenganisha wakati jua linawaka juu ya kioo, cheche ndefu itaruka na kukuunguza mkono au macho. Wala usijaribu jambo hili kwa paneli zilizokwisha kuunganishwa nyingi pamoja, maana volti zake zaweza kuua.

Mtauliza: tutajuaje jua la saa hiyo lina nguvu kiasi gani? Huenda lebo inasema 14 nasi tunasoma 12.6, na kosa si la paneli bali ni la jua. Swali ni zuri. Dawa yake ni paneli ya shahidi. Tafuteni paneli mnayoijua, iliyo nyumbani kwa mwanachama, ambayo imefanya kazi vizuri na lebo yake haina mashaka. Ilazeni kando ya ile mpya, zikielekea upande mmoja, na kuzipima moja baada ya nyingine bila kukawia.

Kwa mfano, katibu ameleta paneli yake ambayo lebo inasema Isc ni 9.3. Mita inasoma 8.4. Gawanya 8.4 kwa 9.3, utaona jua la saa hiyo ni sehemu 90 katika mia. Basi ile ya wati 550 ingepaswa kutoa sehemu 90 katika mia za 14, yaani ampea 12.6. Wanaipima, mita inasema 10.4. Rudi nyuma: 10.4 ukiigawanya kwa 0.9 ni kama 11.6, na hiyo ndiyo Isc ya paneli ya wati 450. Futi ilisema hivyo, mizani ilisema hivyo, na mita imesema hivyo. Muuzaji akisema jua si kali, shahidi wa katibu yuko palepale chini ya jua hilohilo. Akisema paneli ya katibu ni kuukuu, mwambieni kwamba paneli iliyozeeka husoma pungufu, kwa hiyo hesabu hiyo imemhurumia yeye muuzaji.

Nawaambia pia mipaka ya kipimo hiki, ili msimwonee mtu. Kwa vyombo vya shambani, mkipata tofauti ya chini ya sehemu 10 katika mia, msiite udanganyifu. Huenda ni vumbi, wingu jembamba, au mita yenyewe. Kwa hiyo paneli ya wati 540 iliyoandikwa 550 hamtaikamata kwa njia hii. Mnachokikamata ni wizi mkubwa, na huo ndio unaonyima shamba maji. Tena kipimo cha ampea hakionyeshi seli zilizopasuka ndani wala maungio mabovu. Paneli yaweza kuonyesha volti nzuri na ampea nzuri, halafu ikishindwa inapopewa kazi. Ndiyo maana kwa ununuzi mkubwa mdai karatasi ya kiwanda inayoonyesha kipimo cha kila paneli kwa nambari yake.

Nambari hiyo, nambari ya mfululizo, ina faida nyingine. Katika paneli nyingi imeandikwa mara mbili: kwenye lebo ya nyuma, na ndani ya kioo upande wa mbele, pembeni mwa seli. Ile ya ndani ya kioo haiwezi kubanduliwa. Geuza paneli, linganisha. Zisipolingana, lebo imetoka mahali pengine. Na ikiwa paneli tano zina nambari moja, jueni kwamba lebo zilipigwa chapa tano kwa mara moja, kwa kuwa kiwanda hakitoi nambari moja kwa paneli mbili. Piga picha ya nambari zote 24 kwa simu.

Kuna pia paneli zilizotumika ng'ambo zikauzwa hapa kama mpya. Kuuza mali iliyotumika si dhambi, mradi iitwe hivyo na bei iwe yake. Utaitambua kwa mikwaruzo ya vyuma vya kushikilia kwenye fremu, kwa mchanga uliokauka katika pembe za ndani, kwa mgongo mweupe uliogeuka manjano huku lebo ikiwa nyeupe kama theluji, na kwa waya zilizokatwa zikatiwa plagi mpya. Na ukiwa Migori utaletewa pia mali iliyovuka mpaka wa Isebania. Kuvuka mpaka si kosa. Lakini uliza karatasi za forodha na alama ya shirika la viwango, KEBS, kwa bidhaa za kutoka nje. Alama peke yake isikulaze usingizi, maana anayeweza kughushi lebo ya kiwanda anaweza kughushi na kibandiko kidogo. Tangu kanuni za sola za mwaka 2012, muuzaji na fundi wa sola wanapaswa kuwa na leseni, na mwenye kuitoa leo ni mamlaka ya EPRA. Aulizwe leseni kabla ya kuulizwa bei.

Sasa habari ya pesa. Makosa mengi hayatendeki kwenye paneli, hutendeka kwenye simu ya mweka hazina. Muuzaji husema lori liko njiani, tumeni pesa zote ili dereva apakue. Mkikubali, mmekwisha kuuza mizani yenu. Mimi naona malipo yawe mara mbili: sehemu ndogo ya kuagizia, na iliyobaki baada ya kupima hapohapo mali ilipoteremshwa. Mapatano hayo yaandikwe kabla ya kutoa shilingi ya kwanza, na yataje jina la kiwanda, aina, wati, urefu na upana, na Isc. Neno "paneli 24 kubwa" kwenye risiti halina maana mbele ya mtu yeyote. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, iko upande wenu: mali iliyouzwa kwa maelezo lazima ifanane na maelezo hayo, na mnunuzi ambaye hajaiona ana haki ya kupewa nafasi ya kuikagua kabla haijahesabiwa kwamba ameipokea.

Siku ya kupima, msimruhusu muuzaji achague paneli. Atachagua zile mbili za juu. Chagueni wenyewe, mbili kutoka chini, mbili kutoka katikati, moja ya juu. Futi ipite kwa zote 24, kwa kuwa ni kazi rahisi. Mizani na mita zitumike kwa hizo tano. Mmoja wenu asome, mwingine aandike, na muuzaji atie sahihi chini ya karatasi. Muuzaji mwema hatakataa. Wapo watakaofurahi, kwa sababu bei ya mwongo huwaharibia na wao biashara.

Mkigundua kosa wakati mali imekwisha kulipiwa, msibandue lebo kwa hasira. Lebo hiyo ndiyo ushahidi. Piga picha ya lebo, ya nambari ndani ya kioo, ya futi ikiwa juu ya paneli, na ya mita ikionyesha ampea. Zihifadhini pamoja na risiti na ujumbe wa malipo ulio kwenye simu. Mwandikieni muuzaji kwanza, mkimpa siku maalumu ya kujibu, kisha pelekeni malalamiko KEBS, ambao wana ofisi Kisumu. Paneli moja kati ya hizo iwekwe ghalani bila kufungwa juani, ili atakayekuja kuchunguza aikute kama ilivyoletwa.